Wembe, uzi, halawa au leza? Ndevu za kidevuni na hedhi inayoruka miezi

Binti_Tanga: Habari zenu. Nina miaka 23. Tangu nikiwa na 16 siku zangu zinaruka, mwaka jana nimeziona mara 5 tu. Chunusi zimejaa kwenye taya, na kidevuni naota nywele nyeusi nene. Nanyoa kwa wembe kila baada ya siku mbili, alfajiri, wadogo zangu wakiwa bado wamelala. Altrasaundi imeonyesha ovari zina vifuko vidogo vingi. Nimeweka akiba kidogo. Niendelee na wembe, nihamie kwenye uzi au halawa, au nisubiri nipate ya leza?

Mama Rehema, saluni: Mwanangu, wembe uache leo. Ukinyoa, nywele zinazidi na kunenepa. Uzi unang'oa na mzizi, unakaa wiki tatu umetulia. Halawa ya sukari na limau sikushauri, kwenye chunusi inabandua ngozi.

Nesi Tausi: Shikamoo Mama Rehema. Kwenye halawa naungana nawe, lakini wembe hauongezi nywele. Unaukata unywele mahali ulipo mnene, ncha inabaki butu, ndiyo maana ukipapasa unakwaruza. Kinachonenepesha ni homoni za kiume ambazo ovari zinatoa kupita kiasi, na hizo hizo ndizo zinazoleta chunusi na kuvuruga hedhi. Uzi nao una shida kwa nywele zetu za kujikunja: unywele ukikatika chini ya ngozi unaota kwa ndani, unaleta kipele, kipele kinaacha alama nyeusi. Binti, mwenye chunusi mbichi bora wembe mpya, ngozi ikiwa na maji ya uvuguvugu, unyoe kufuata nywele zinakolalia.

Zuhura_Mvita: Mimi nilikimbilia leza. Mashine haikuwa ya ngozi nyeusi, nikatoka na madoa ya kuungua shavuni, yalikaa karibu mwaka. Baadaye mahali pengine wakatumia leza inayofaa ngozi nyeusi, ile ya mawimbi ya nanomita 1064, wakaijaribu kwanza sehemu ndogo chini ya sikio. Vikao sita, kila baada ya wiki tano. Nywele zilipungua sana, ila baada ya miezi minane zikaanza kurudi.

Nesi Tausi: Zuhura, ulikuwa unatumia dawa yoyote ya homoni?

Zuhura_Mvita: Hapana, hakuna aliyeniambia.

Nesi Tausi: Ndiyo sababu. Leza inaua vinyweleo vilivyopo, homoni zinaamsha vingine. Binti, kabla ya kuigusa akiba yako, daktari akupime presha na akuulize kama unapata kipandauso. Ukiwa salama, vidonge vya majira vinarudisha mpangilio wa hedhi na kupunguza homoni hizo. Chunusi zinaanza kutulia ndani ya miezi mitatu minne. Nywele zinataka miezi sita au zaidi, kwa sababu zilizokwisha kuota hazianguki kwa kidonge. Hapo ndipo leza inapolipa.

Baba Ally: Kwa hiyo anataka kujua kama atazaa? Mke wangu alikuwa na vifuko hivyo, tukahangaika na mitishamba ya kusafisha kizazi miaka miwili. Daktari alimpa letrozoli, dawa ya kupevusha mayai, sasa tuna mtoto.

Binti_Tanga: Hongereni kaka, ila mimi sijaolewa, nauliza nywele. Nesi, rafiki yangu anatumia spironolaktoni, ile dawa ya kuzuia homoni za kiume, naweza kuanza nayo?

Nesi Tausi: Mara nyingi inaongezwa kama miezi sita ya vidonge haijatosha. Lazima uwe na kinga ya mimba, maana inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Nami nakuuliza: nywele zimeongezeka polepole au ghafla? Sauti imekuwa nzito? Ghafla ndani ya miezi michache ingenitisha, ningetaka upimwe testosteroni wiki hii hii.

Binti_Tanga: Polepole. Sauti ni ile ile. Ila tangu mwaka jana mashavuni pia kumeota vinyweleo laini, na chunusi zimezidi.

Mama Rehema, saluni: Mwaka jana ulianza kupaka nini?

Binti_Tanga: Krimu ya kung'arisha, ya dukani. Nimesoma tyubu sasa hivi, imeandikwa klobetasoli.

Nesi Tausi: Mama Rehema, asante kwa kuuliza, mimi nilipitiwa. Hiyo ni steroidi kali. Ikipakwa usoni muda mrefu inaotesha vinyweleo na kuleta chunusi yenyewe. Za kidevuni ni za tangu miaka 16, hizo za mashavuni huenda zimeletwa na krimu hiyo. Nenda na tyubu kwa daktari wa ngozi, akuachishe kwa utaratibu, uso unaweza kuwaka ukiacha ghafla. Leza ya mashavuni isubiri mpaka tuone zipi zitabaki.

Zuhura_Mvita: Na kidevu, anaweza kuanza sasa?

Nesi Tausi: Wengine huanza leza na vidonge pamoja. Mimi ningesubiri chunusi zikauke, lakini daktari wa ngozi anaweza kusema vingine.