Ruta inaganda kila saa 2 usiku: niongeze kasi au ninunue anwani nyingine?

MamaMtopanga: Hamjambo wadau. Niko Mtopanga, Mombasa. Mchana kutwa intaneti iko sawa, lakini ikifika saa 2 usiku kurasa mpya hazifunguki. Ajabu yake, anayeongea kwa video na nduguye wa Maskati anaendelea vizuri; akikata akapiga tena, haishiki. Nikizima ruta na kuiwasha, tunatulia kama nusu saa. Muuzaji ameniambia simu zetu zote zinatumia anwani moja ya nje, ndiyo maana zinagombana. Nitoke Mbps 20 niende 60, au ninunue anwani ya pili? Silali jamani.

BaharaKisauni: Anwani za ndani zimekuishia, mama. Ruta inagawa 192.168.1.2 hadi 192.168.1.254, ukizidi hapo simu hazipati kitu.

KijanaLikoni: Bora wewe. Kamera zangu ziko Likoni, mimi niko Nairobi, na sizioni kabisa! Nimefungua poti kwenye ruta mara tatu.

FundiMajengo: Bahara, hilo hutokea, lakini simu iliyokosa anwani haifungui chochote, na zilizokwisha kupata hazisumbuki. Hapa simu ileile mazungumzo yake ya zamani yanaenda, mapya yanakataa. Mama, mko wangapi kwenye hiyo ruta?

MamaMtopanga: Ni sisi wa nyumbani tu.

FundiMajengo: Wa nyumbani wangapi? Jibu langu linategemea hapo.

MamaMtopanga: Haya. Ni nyumba ya wapangaji, vyumba 11, kila chumba kinanipa shilingi 300 kwa mwezi. Nao wanafaidika, maana peke yao hawawezi kulipia laini. Na kifurushi cha 60 nimeshatanguliza nusu ya pesa, kwa hivyo msiniambie niache.

UstadhChangamwe: Dada yangu, soma mkataba wako. Laini ya nyumbani mara nyingi hairuhusiwi kuuziwa wengine. Pesa ya wapangaji ni amana.

FundiMajengo: Hayo ya mkataba ayaangalie, ni kweli. Ila kinachomsumbua usiku ni jedwali ambamo ruta huandika kila mazungumzo. Simu ya chumba cha 3, tuseme 192.168.1.23, inataka ukurasa. Inatoka na poti 51000. Ruta inafuta anwani hiyo ya ndani, inaweka ile moja ya nje na poti yake yenyewe, tuseme 40217, kisha inaandika mstari: *40217 ni ya 192.168.1.23, poti 51000*. Jibu likirudi kwenye 40217, ruta inasoma mstari na kulipeleka chumba cha 3. Chumba cha 8 nacho kikitumia 51000, kinapewa namba nyingine ya nje. Hakuna kugombana.

Sasa kila mazungumzo ni mstari wake, na simu moja hufungua mengi kwa wakati mmoja. Ruta ndogo ina kikomo cha mistari. Ikijaa, waliomo wanaendelea na mgeni hapati pa kuandikwa. Kuzima na kuwasha kunafuta jedwali lote, ndiyo ile nusu saa yako. Mbps 60 haziongezi hata mstari mmoja.

Kijana wa Likoni, yako ni kinyume chake: unabisha hodi kutoka nje na hakuna mstari unaokungoja. Tazama anwani ya nje kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni nayo ina jedwali lake mbele yako, na poti uliyofungua inaishia kwako tu.

MlinziWaJamvi: Mimi naona hii hadithi imetungwa. Akaunti ya juzi, simu ya Maskati, na fundi ana jibu tayari. Kesho atatokea mtu wa kuuza ruta. Mama, weka kinachoonekana kwenye ruta hiyo saa 2 usiku.

MamaMtopanga: Imeniuma kuitwa mwongo. Mwanangu amenifungulia, hii ni ya saa 2 na dakika 10:

```
NAT Sessions: 4096 / 4096
192.168.1.31   2870
192.168.1.23    118
```

Hiyo ya 31 ni kompyuta ya kijana wa chumba cha 7. Anashusha filamu kwa torenti akirudi kazini.

FundiMajengo: Basi ndiyo hiyo: NAT Sessions ndiyo mistari ya jedwali, na imejaa yote. Torenti inaongea na mamia ya kompyuta, na mstari ulionyamaza haufutwi papo hapo. Mwambie apunguze idadi ya miunganisho kwenye programu yake hadi 100, kisha usome tena.

BaharaKisauni: Mimi bado ningepunguza vyumba.

MlinziWaJamvi: Namba nimeziona. Samahani mama.

MamaMtopanga: Jana amepunguza. Saa 3 usiku imesoma 1,460 na kila chumba kinafungua. Lakini leo mpangaji mpya wa chumba cha 4 ameingia na kompyuta mbili, na yule muuzaji hashiki simu nimdai pesa yangu.