Jaketi la mvua lililovuja: barua idai fedha au jaketi jingine?

Mkazi wa Leeds: Ndugu zangu, siku 19 zilizopita nilinunua jaketi dukani hapa Leeds kwa pauni 85, na lebo yake inasema halipitishi maji. Juzi, katika mvua ya kwanza, nilisimama kituoni nikingoja basi, na nilipolivua nikakuta shati limelowa mstari mwembamba kutoka shingoni hadi bega la kushoto. Nimeandika barua mbili: ya kwanza inadai fedha zangu zote, ya pili inaomba jaketi jingine. Nipeleke ipi?

Mama Swaumu: Mwanangu, usijisumbue na fedha. Dukani kwao wamebandika kwamba bidhaa hurudishwa ndani ya siku 28 ikiwa haijavaliwa, nawe umeshalivaa, kwa hiyo shukuru wakikupa jingine.

Fundi Cherehani: Kabla ya barua, ligeuze jaketi ndani nje utazame utepe uliogandishwa juu ya mshono wa bega. Duka huenda likasema ni jasho, lakini jasho hulowesha mgongo na makwapa kwa upana, halichori mstari. Piga picha, kisha uandike mahali hasa maji yalipopita.

Msafiri: Langu la pikipiki lilianza kuvuja baada ya miaka mitatu, nikalipulizia dawa ya kuzuia maji, likapona.

Fundi Cherehani: Hilo lako lilichakaa, ndugu Msafiri, hili ni jipya. Asipulize chochote, maana atakuwa ameuharibu ushahidi wake mwenyewe.

Karani Mstaafu: Mama Swaumu, kwa heshima, tangazo hilo linamhusu mnunuzi aliyebadili nia tu. Bidhaa yenye kasoro inaongozwa na Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015, inayompa mnunuzi siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha zote, na kulivaa jaketi mvuani, kazi ambayo lilinunuliwa kwayo, hakuiondoi haki hiyo. Barua ya pili si kosa, kwa kuwa hesabu ya siku husimama wakati duka linashughulikia ombi, na la pili likivuja pia unaweza kulikataa; ila sioni faida ya kupewa jaketi la toleo lilelile lenye mshono uleule. Ningeandika: “Jaketi hili liliuzwa kuwa halipitishi maji, nalo lilipitisha maji kwenye mshono wa bega la kushoto lilipovaliwa mvuani kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ninalikataa, na ninaomba nirudishiwe pauni 85 kwa njia niliyolipia.” Weka tarehe ya ununuzi, nakala ya risiti na picha.

Mama Swaumu: Sawa, lakini mimi walinipa vocha.

Karani Mstaafu: Ukiikubali vocha ni hiari yako, hawawezi kukulazimisha.

Mkazi wa Leeds: Nimeligeuza. Utepe umebanduka kiasi cha urefu wa kidole, palepale penye mstari. Napeleka barua ya kwanza kesho. Je, wakitaka kubaki na jaketi walichunguze, niwaachie?

Fundi Cherehani: Mimi nisingewaachia.

Karani Mstaafu: Mimi ningewaachia, lakini kwa hati yenye saini na tarehe.