Barua ya kuomba mchango wa vyoo vya shule: ni hiari, au ni ada iliyobadilishwa jina?

Mzazi wa Ujiji (mwanzisha mada): Wanangu wamerudi na barua ya Umoja wa Wazazi na Walimu, yaani UWAWA, wa shule yao ya msingi. Inatualika kwenye mkutano mkuu Jumamosi ijayo, kisha inasema: "Kila mzazi anaombwa kutoa mchango wa hiari wa shilingi 5,000 kwa kila mtoto kwa ajili ya ujenzi wa vyoo, kabla ya tarehe 30 Juni. Atakayeshindwa afike ofisini kutoa maelezo." Shule ina wasichana 480 na wavulana 450, na matundu yaliyopo ni 14. Je, hiyo ni hiari? Na nikinyamaza, watoto watarudishwa nyumbani?

Mzazi wa Kibirizi: Ndugu yangu, jambo hili lilikwisha zamani. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango yote mashuleni, na elimu ni bure tangu 2016. Barua hiyo ni batili. Ipeleke kwa mtendaji wa kata, wala usihangaike kwenda mkutanoni.

Mjumbe wa zamani wa kamati ya shule, Kasulu: Mzee wa Kibirizi amesema kweli nusu. Katazo la 2018 liliwalenga walimu waliokuwa wakikusanya fedha na kuwarudisha watoto ambao wazazi wao hawajalipa. Hata hivyo, katika agizo lilelile ilielezwa kwamba anayetaka kuchangia kwa moyo wake apeleke mchango kwa mkurugenzi wa halmashauri, na mwalimu asiguse fedha. Kabla ya hapo, Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016 ulikuwa umewaachia wazazi sare, madaftari na chakula, na haukufunga mlango wa nguvu za wananchi kwa hiari yao. Kwa hiyo kuomba si kosa, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Kasoro ya barua hii iko mahali pengine.

Tazameni mpangilio wake. Mkutano unaitishwa Jumamosi, lakini kiwango na tarehe ya mwisho vimekwishapangwa. Wazazi wanaalikwa kujadili nini, ikiwa bei imeshaandikwa? Halafu shilingi 5,000 kwa watoto 930 ni shilingi 4,650,000, na barua haisemi fedha hizo zinajenga matundu mangapi. Kipimo kinachotumika nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule hiyo inahitaji matundu 24 ya wasichana na 18 ya wavulana, jumla 42, na kwa kuwa 14 yapo, upungufu ni 28. Sijaona popote kwamba mtu amekaa na fundi akapiga hesabu ya matundu 28, au hata ya sita ya kuanzia. Kiwango kilichotajwa bila makadirio ya ujenzi ni cha kubahatisha, na kwa kawaida fedha huishia kwenye msingi, na mvua za masika zinakuta mashimo wazi.

Kwa Ujiji kuna jambo moja zaidi. Karibu na ziwa udongo ni wa kichanga na maji hayako mbali, hivyo shimo lisilojengewa kwa tofali huporomoka. Fundi akiwapa bei ya shimo tupu kama la kule kwetu Kasulu kwenye udongo mgumu, mtajenga mara mbili. Makadirio yaonyeshe shimo lenye kuta, na upande wa wasichana uwe na chumba chenye maji na mlango unaofungwa kwa ndani.

Mama wa kidato cha kwanza, Mwanga: Naomba nami nisaidiwe. Mwanangu amechaguliwa shule ya bweni, na fomu ya kujiunga inataka godoro, ndoo, fagio na rimu ya karatasi. Hiyo nayo ni michango ya hiari? Maana hapa naona mnasema mtoto asirudishwe.

Mjumbe wa zamani wa kamati ya shule, Kasulu: Mama, la kwako ni tofauti. Godoro ni la mtoto wako mwenyewe na haliingii katika mradi. Rimu na fagio ndivyo vya kuhoji, na pa kuhojia ni kwa mkuu wa shule, ukiwa na fomu mkononi. Barua ya vyoo haihusiani nalo.

Mwenyekiti wa UWAWA, shule nyingine ya Kigoma Mjini: Nimesoma kwa uvumilivu. Ninyi mnaozungumza hamjawahi kusimama mbele ya wazazi na kusema "toeni mlichonacho". Sisi tulijaribu kutotaja kiwango, na watu wakatazamana tu, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Mtanzania akiombwa bila kiasi hudhani anaombwa nauli. Kiwango humsaidia mtu kupanga. Nakubali kwamba "afike ofisini kutoa maelezo" ni maneno mabaya, yafutwe.

Mjumbe wa zamani wa kamati ya shule, Kasulu: Mwenyekiti, hoja yako ya kiwango naipokea kwa sehemu. Kitajwe, ila kama pendekezo la kupigiwa kura, na kihesabiwe kwa kaya. Mwenye watoto watatu katika shule moja si tajiri mara tatu ya mwenye mmoja. Ningeandika hivi:

"Mkutano utapokea makadirio ya ujenzi wa matundu sita ya awali, utajadili vyanzo vya fedha, na utaamua kama wazazi wachangie, kwa kiasi gani na kwa njia gani. Anayependa anaweza kuchangia mawe, mchanga, maji au siku za kazi. Hakuna mwanafunzi atakayeulizwa kuhusu mchango wa mzazi wake."

Baada ya mkutano, muhtasari na orodha ya mahudhurio vipelekwe kwa mkurugenzi kupitia ofisi ya kata. Fedha ziingie kwenye akaunti kwa stakabadhi, si kwenye simu ya mtu. Saruji ikifika, ipokelewe na watu wasiokuwa kwenye kamati ya manunuzi, kwa sababu aliyenunua akipokea mwenyewe, mifuko 40 inaweza kuwa 34 na hakuna atakayejua.

Mvuvi wa Katonga: Tarehe ya 30 Juni imeniumiza kuliko kiwango. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na sisi wa dagaa tulikaa nchi kavu. Wakija kuniomba fedha ziwa likiwa limefungwa, nitaonekana mkaidi, kumbe sina. Siku za kazi ninazo nyingi sana wakati huo. Nipeni koleo.

Mzazi wa Ujiji: Nashukuruni nyote. Nitakwenda mkutanoni na nitaomba makadirio yasomwe kabla ya kiwango kutajwa. Lakini nimesikia kwamba wanakusudia kubandika majina ya waliochangia kwenye ubao wa matangazo.

Mwenyekiti wa UWAWA, shule nyingine ya Kigoma Mjini: Hilo sisi tunalifanya, na silioni kuwa kosa. Mtu aliyetoa ana haki ya kuona kwamba fedha yake imeandikwa, tena ndiyo kinga dhidi ya wizi.

Mjumbe wa zamani wa kamati ya shule, Kasulu: Bandikeni namba za stakabadhi na jumla iliyopokelewa, kila aliyetoa ataitambua yake. Majina yakibandikwa, watoto watasoma, na watajua ni baba wa nani hayupo kwenye orodha.

Mwenyekiti wa UWAWA, shule nyingine ya Kigoma Mjini: Namba za stakabadhi nusu ya wazazi wangu hawatazifuatilia, na wengine karatasi yenyewe wameshaipoteza. Hapo bado sijakubaliana nawe, mzee wangu.