Tupeane uzoefu: msimu wa shambani ulipoharibika, ulibadilisha nini kwenye utafiti wako?

Mleta mada:
Wakuu, naanza mimi. Nilikuwa nalinganisha njia nne za kulima mahindi Dodoma: shamba bapa, au matuta ambayo mifereji yake imezibwa kwa udongo ili maji yasikimbie, kila aina ikiwa na urea ya kukuzia au bila. Shamba moja, marudio manne. Februari mvua ikakata mahindi yakianza kutoa mbelewele. Chavua ilimwagika, ndevu za mahindi zikachelewa kutoka, na tulipovuna tukakuta magunzi yenye punje za kuhesabika. Urea yenyewe ilibaki kwenye udongo mkavu. Karibu kila kiploti kilitoa sufuri, na sufuri kwa sufuri huwezi kulinganisha.

Mpango mpya: wakulima 12 wa vijiji vitatu, kila mmoja viploti vinne tu, na kipima mvua shambani kwake. Shamba la mkulima ndilo bloku. Safari hii ukame ukija, nitakuwa nimeupima.

Mchangiaji 2:
Pole sana. Marudio manne ni machache. Ungeweka manane pale pale ungeiona tofauti.

Mchangiaji 3:
Ni kweli manne ni machache, ila kuongeza pale pale kusingemwokoa. Marudio ya shamba moja yanakupa uhakika kuhusu shamba hilo na msimu huo tu. Mvua ikikata inakata kote. Kwa wakulima 12, digrii huru za makosa zinapanda kutoka 9 hadi 33, tena kuna mashamba yatakayopata mvua na mengine yatakayokosa. Mleta mada, tarehe ya kupanda iandike kwa kila shamba. Waliochelewa wiki mbili watakutana na ukame mahindi yakiwa bado madogo, na faida ya matuta kwao inaweza kuwa tofauti na ya waliowahi.

Mchangiaji 4:
Kwani hukutumia mbegu ya muda mfupi? Huku kwetu tunapanda mtama, hatuhangaiki.

Mleta mada:
Mbegu ni ya muda mfupi, kiongozi. Swali langu lilikuwa la maji na mbolea.

Mchangiaji 5:
Mimi natafiti kaya, si mazao. Nilienda kuhoji wakati wa palizi, nyumba nyingi nimekuta watoto tu. Waliokubali kukaa nami ni wazee na wagonjwa, kwa hiyo takwimu za nguvukazi zikaegemea kwao. Sasa naulizia kwanza kalenda ya kazi kwa mwenyekiti wa kitongoji, na nahoji jioni.

Mleta mada:
Palizi inaniumiza kichwa hata mimi. Nikiwalipa vibarua wapalilie mashamba yote sawasawa, siyo kilimo cha mkulima tena. Nikiwaachia, magugu yataingia kwenye matokeo.

Mchangiaji 3:
Waachie, mradi mkulima apalilie viploti vyake vyote vinne siku moja. Tofauti kati ya shamba na shamba itabebwa na bloku.

Mchangiaji 5:
Siku moja? Mama mwenye mtoto mgongoni hamalizi vinne kwa siku.