Miezi mitano tunasubiri taa za sola za dagaa, leo meneja anatuma "samahani kwa usumbufu". Usumbufu gani?

Mwalo_Igombe:
Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kampuni moja ya taa hapa Mwanza ilichukua nusu ya bei ya taa 12 na kuahidi mzigo ndani ya wiki sita. Huu ni mwezi wa tano. Jana meneja katuma barua kwa wateja wote: anaomba radhi, kuna "changamoto za usafirishaji zilizo nje ya uwezo wetu", mzigo utafika "hivi karibuni". Hakuna tarehe, hakuna sababu.

Dagaa hawasubiri barua. Taa inafanya kazi kwenye giza. Mbalamwezi ikikolea, dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga na mitumbwi inalala. Kwa hiyo taa ikichelewa siku kumi tu, ukaipokea mwezi mpevu, umeshapoteza giza zima huku vibarua, mitumbwi na mafuta ya karabai vinakula hela. Meneja, kama upo humu, sema kilichokwama ni nini na kimekwama wapi.

Mama_Kayenze:
Hayo ni mambo ya bandari ya Dar tu, kila mtu analia. Mimi mwenyewe karabai yangu inatoa moshi mweusi, nani anajua fundi mzuri Kirumba?

Meneja_Taa:
Ndugu wateja, nipo na nimesoma. Mna haki ya kukasirika, na barua ile haikutosha.

Bandari haina kosa. Taa zenyewe zilifika zamani. Zilizokwama ni betri, na zimekwama kule kiwandani. Betri za lithiamu husafirishwa kama mzigo hatari, na kampuni ya meli haipokei bila ripoti ya majaribio ya UN 38.3 ya betri ya aina ileile. Kiwanda kilibadilisha seli katikati ya oda yetu, ripoti waliyokuwa nayo ikawa ya betri ya zamani, meli ikakataa. Majaribio yakaanza upya.

Hili tulilijua tangu mwezi wa pili. Tuliendelea kuwaambia "wiki ijayo" kwa sababu kiwanda nacho kilituambia hivyo. Hapo ndipo tulipowakosea, na ninaomba radhi. Ripoti mpya imetoka, sasa tunasubiri cheti cha ukaguzi wa TBS kabla ya kupakia. Anayetaka hela yake aje ofisini na risiti, atarudishiwa yote.

Kijana_wa_Nansio:
Si mngenunua za asidi? Hazina masharti hayo.

Fundi_Betri:
Umepatia nusu, kaka. Za asidi unazipata hapahapa mjini, hilo kweli. Lakini nazo zina masharti yake melini, ni nzito mno kwa taa ya kuelea, na ukizimaliza chaji kila usiku hazidumu.

Maelezo ya meneja yanaingia akilini, ila kuna jambo hajaligusa. Betri zilizotengenezwa zamani zimekaa ghalani muda wote huo, na saketi ya ulinzi ndani yake hunyonya umeme kidogo kidogo. Betri ya voti 12.8 ina seli nne. Ikishuka chini ya voti 10, seli zimeanza kuumia hata kama baadaye itapokea chaji.

Kwa hiyo mzigo ukifika, msisaini kwanza. Pimeni kila betri kwa mita kabla haijachajiwa. Ikisoma 13 na kitu, iko sawa. Chini ya 12, karibu imeisha, itengeni. Ikisoma sifuri, huenda ulinzi umekata, si lazima iwe imekufa, ila msiipokee bila maandishi. Halafu chajini mpaka ijae, washeni taa nchi kavu usiku kucha. Betri ya saa-ampea 12 ina kama wati-saa 154, taa ya wati 12 inapaswa kukaribia saa 12. Ikizima saa sita usiku wakati uliiwasha saa 12 jioni, nusu ya betri haipo.

Kijana_wa_Nansio:
Ya kwangu niliyonunua duka lingine inafifia alfajiri. Ndiyo hiyo hiyo?

Fundi_Betri:
Huenda, au paneli haiijazi mchana. Ipime jioni kabla ya kuwasha, ikiwa imetulia saa moja bila chaji. Ikiwa chini ya 13.2 hapo, anza na paneli na nyaya.

Mwalo_Igombe:
Meneja, asante kwa kusema ukweli, ingawa ulipaswa kuusema mwezi wa pili, tungekodi taa za wengine. Sasa mawili. Dhamana ya mwaka mmoja inahesabiwa tangu tulipolipa au siku tutakayopokea? Na tarehe ya kutengenezwa mtaiacha kwenye betri, au mtabandika stika mpya?

Meneja_Taa:
Stika haitaguswa. Hilo la dhamana nalipeleka kwa wakurugenzi.

Mwalo_Igombe:
Lipeleke na ulirudishe kwa maandishi. Wenzangu saba wa mwalo huu hawachukui mzigo kabla ya hapo, na watatu wanakuja na risiti zao Jumatatu.