Naombeni ushauri, mwenzetu wa kundi kapotea na data anazo yeye
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Tuko watano, mwaka wa 2 chuo, asaimenti ya kundi tunawasilisha Ijumaa na ina maksi 15 za kosiwaki. Tuligawana sehemu, mmoja akachukua uchambuzi ila dodoso zote 40 tulizojaza mtaani anazo yeye, hatukupiga hata picha, na sasa siku ya 9 simu haipatikani, meseji tiki moja, rumeti wake anasema kaenda kwao hajui kuna nini. Sehemu zetu tayari, tumeanza kurudia dodoso 20. Wenzangu wanataka jina lake lifutwe, mimi naogopa labda kafiwa. Je, tumwambie mwalimu sasa hivi au tusubiri Ijumaa? Na jina tuliache tukieleza nani kafanya nini?