Msaada: ujazo wa bloku ya chuma chini ya mikazo 3 haulingani na jibu

Mwanzi
Wakuu, nina bloku ya chuma ya 200 × 100 × 50 mm (x, y, z). Mkazo wa x ni 80 MPa wa kuvuta, y ni 60 MPa wa kugandamiza, z ni 40 MPa wa kuvuta. E = 200 GPa, ν = 0.3. Napata ujazo umeongezeka 360 mm³, kitabu kinasema 120. Nimehakiki kwa njia ya mkato, (1 − 2ν)/E mara jumla ya mikazo, nayo inanipa 360 ile ile. Nakosea wapi?

Patasi
Umesahau alama ya kutoa kwenye y. Weka −60. Ujazo unafuata jumla ya mikazo tu, ambayo hapo ni 60, si 180. Ingekuwa sifuri, bloku isingebadilika kabisa.

Nyundo7
Patasi yuko sahihi kuhusu alama, ila hiyo sentensi ya mwisho hapana. Jumla ikiwa sifuri ujazo ndio unabaki, umbo linabadilika.

Mwanzi, fanya upya:

```
εx = [80 − 0.3(−60 + 40)]/200000 = 0.00043
εy = [−60 − 0.3(80 + 40)]/200000 = −0.00048
εz = [40 − 0.3(80 − 60)]/200000 = 0.00017
```

Jumla ni 0.00012. Ujazo wa mwanzo ni 1,000,000 mm³, kwa hiyo unaongezeka 120 mm³. Upande wa x unarefuka 0.086 mm, y unafupika 0.048 mm.

Uhakiki wako haukukuokoa kwa sababu uliulisha 60 ile ile isiyo na alama. Unanasa makosa ya hesabu, haunasi alama. Tazama streini yako ya y: ilitoka 0.00012, yaani kurefuka. Upande unaogandamizwa, huku pande mbili nyingine zikivutwa, hauwezi kurefuka. Hapo ndipo ungeshtuka.

Kokoto
Mimi nina mpira ndani ya kisanduku kigumu, nausukuma kwa juu. Pembeni nimeweka mkazo sifuri kwa kuwa hauendi popote. Sawa?

Nyundo7
Hapana, umegeuza. Ukuta unazuia mpira kutanuka, na kwa kuuzuia unausukuma. Sifuri ni εx na εy. Ukitatua, mkazo wa pembeni unakuwa ν/(1 − ν) mara ule wa juu. Kwa ν = 0.49 ni karibu 0.96 yake.

Kokoto
Karatasi ya mtengenezaji inasema 0.5.

Nyundo7
Kwa 0.5 kamili, 1 − 2ν ni sifuri, na mpira uliofungiwa hauminyiki hata kidogo. Ugumu wake wa kwenda chini ni takriban 17E kwa 0.49, lakini 167E kwa 0.499. Tofauti ndogo hivyo kwenye ν inazidisha jibu karibu mara kumi. Usikisie, tafuta moduli ya ujazo iliyopimwa.

Patasi
Na kama kisanduku chenyewe kinapanuka kidogo?

Nyundo7
Basi hata εx = 0 haishiki. Ni chuma cha unene gani, Kokoto?